Mapishi ya mafuta mengi kwenye kikaangio cha hewa: muda, moto na kiasi cha mafuta

Kuna kanuni moja ambayo karibu kila mwenye kikaangio cha hewa ameisikia: punguza nyuzijoto 15, kisha punguza muda kwa moja ya tano. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini ni ya mapishi ya tanuri. Kikaangio cha hewa ni tanuri dogo lenye feni kali, kwa hiyo chakula cha tanuri kikihamia humo huiva mapema zaidi na moto unaweza kushushwa. Mapishi ya kuzamisha chakula kwenye mafuta ya moto ni habari nyingine. Ukiyapunguzia moto na muda kwa kanuni hiyohiyo, utatoa kuku mweupe kwa nje, mwenye unga mkavu juu na nyama ambayo bado ina ubichi katikati. Na wengi wanapopata matokeo hayo huilaumu mashine.

Ukweli ni kwamba unapotoka kwenye mafuta kwenda kwenye hewa, muda huongezeka, mara nyingi ukaribie maradufu. Moto unabaki palepale au hupanda kidogo. Mafuta nayo hayaondoki kabisa: yanatoka kwenye karai na kuhamia kwenye chenga za mkate zinazofunika chakula. Nitalieleza hili kwa pishi moja, vipande virefu vya mnofu wa kidari cha kuku vilivyopakwa chenga za mkate, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila tatizo la uhamishaji huu. Mengine nitayagusa mwishoni.

Mafuta hufanya nini ambacho hewa haiwezi

Fungua tanuri lililofika nyuzijoto 200 na uingize mkono kwa sekunde moja. Utahisi joto kali, lakini hutaungua. Tone moja la mafuta ya nyuzijoto 180 likikurukia, linakuachia lengelenge. Hewa ya tanurini ilikuwa na nyuzi nyingi zaidi, ila haikuwa na joto la kutosha la kukupa. Lita moja ya mafuta hubeba joto zaidi ya mara 2000 kuliko lita moja ya hewa iliyo kwenye nyuzi hizohizo. Zaidi ya hapo, mafuta hugusa kila pembe ya kipande kwa wakati mmoja, huingia kwenye kila tundu la chenga, na kulikabidhi joto lake bila kusita.

Feni ya kikaangio ipo kwa ajili ya kupunguza pengo hilo. Hewa tulivu huacha utando mwembamba wa hewa ya baridi na mvuke kuzunguka chakula, na feni huuondoa utando huo ili hewa mpya ya moto ifike. Ndiyo maana mashine hii inalishinda tanuri. Lakini haiyafikii mafuta, na haitayafikia hata ukiweka moto wa mwisho.

Tatizo la pili ni maji. Kila chakula kibichi kina maji juu ya uso wake, na uso wenye maji hauwezi kupanda sana juu ya nyuzijoto 100 mpaka maji hayo yaishe. Rangi ya dhahabu na ile ladha ya kukaangwa huanza kujitokeza kwa kasi uso unapovuka takriban nyuzi 140. Kwenye mafuta, maji ya juu huchemka papo hapo. Ule mlio unaousikia kipande kinapoingia karaini ni mvuke unaotoka. Baada ya sekunde chache ganda limeanza kujijenga. Kwenye hewa, maji hukauka polepole, na yanapokauka huupoza uso. Dakika tatu au nne za mwanzo kwenye kikaangio cha hewa hazikaangi chochote. Ni dakika za kukausha tu.

Ukilielewa hilo, hatua nyingi zinazoonekana kama mambo madogo zinapata sababu. Kufuta nyama kwa taulo ya karatasi kabla ya kuipaka unga kunaokoa sehemu kubwa ya zile dakika za kukausha. Kupasha mashine moto kwa dakika tano kabla ya kuweka chakula kunafanya kazi hiyohiyo. Na kuacha nafasi kati ya kipande na kipande ni lazima, kwa sababu vipande vilivyobanana hunasa mvuke kati yao, na chakula kilichozungukwa na mvuke kinachemka.

Kusoma namba za pishi la asili

Tuseme pishi lako linasema hivi: nusu kilo ya mnofu wa kidari, kata vipande virefu vyenye unene wa sentimita 2, pitisha kwenye unga, yai na chenga za mkate, kaanga kwenye mafuta ya nyuzijoto 180 kwa dakika tano.

Namba 180 usiichukulie kama amri. Hayo ni mafuta kabla hayajapokea chakula. Ukishaweka vipande vitano au sita, mafuta hushuka kwa nyuzi 15 au 20, wakati mwingine zaidi, kisha hupanda taratibu. Hivyo mwandishi wa pishi alikuwa anakueleza pa kuanzia ili chakula kiivie kwenye nyuzi 160 na kitu. Kwenye kikaangio cha hewa namba unayoweka ni ile ambayo mashine itajitahidi kuishikilia muda wote. Ni vipimo viwili tofauti vilivyoandikwa kwa alama moja, na ndiyo sababu sioni faida ya kutafuta fomula ya kutoa nyuzi kadhaa kutoka kwenye hii ili kupata ile.

Namba ya dakika ndiyo yenye habari muhimu, mradi ujiulize hizo dakika tano zilikuwa zinafanya kazi gani. Katika kila pishi la kukaanga muda una kazi mbili: kujenga ganda na kuivisha ndani. Pale ambapo karibu muda wote ulikuwa wa kujenga ganda, kwa mfano kababu au viazi vilivyopondwa na kuviringishwa, ambavyo ndani vimeshaiva, hewa itakuwa nyuma sana ya mafuta. Dakika tatu za karai zinaweza kuwa nane za kikaangio. Pale ambapo sehemu kubwa ya muda ilikuwa ya kusubiri joto lipenye kwenye nyama nene, pengo hupungua. Joto likishapita ganda, husafiri ndani ya nyama kwa mwendo wa nyama yenyewe, na nyama haijui kama nje kuna mafuta au hewa. Mguu wa kuku wenye mfupa unaochukua dakika 14 kwenye mafuta hautachukua 28. Utaiva kwa dakika 22 hadi 25.

Kwa hiyo kadiri kipande kinavyokuwa chembamba au kilichokwisha kuiva, ndivyo unavyozidisha muda zaidi. Vitu hivyo huhitaji mara mbili na nusu au zaidi. Vipande vya kati, kama hivi vya kidari, mara mbili au mbili na kidogo. Vipande vinene vyenye mfupa, takriban mara moja na nusu hadi moja na robo tatu. Hizi ni namba za kuanzia, za kukuambia lini uanze kuchungulia. Kinachoamua mwisho ni rangi ya nje na joto la katikati.

Moto nao hufuata mantiki hiyohiyo. Kama kilicho ndani kimeshaiva, weka nyuzijoto 200 na uharakishe rangi, maana huna cha kusubiri. Kama ni kipande kibichi chenye unene wa wastani, nyuzi 190. Kama ni kinene na kina mfupa, anza na 180 au hata 175, umalizie na 200 kwa dakika tatu za mwisho ili ganda likaze. Ukianza na 200 kwenye mguu wa kuku, utaiona rangi nzuri ikija mapema mno, na mfupani bado kuna damu. Koili ya mashine nyingi iko juu kabisa, karibu na chakula, na huunguza kwa mwako wake mbali na ile hewa inayozunguka. Upande wa juu hutangulia daima.

Mafuta: kiasi gani, na yakae wapi

Hapa ndipo mapishi mengi yanapoharibika, na ndipo napenda kukaa kidogo.

Chenga za mkate ni kavu na zimejaa vitundu vya hewa. Hewa iliyonaswa ndani ya vitundu huzuia joto. Kwenye karai mafuta hujaza vitundu hivyo, yanapeleka joto ndani ya kila chenga, na chenga inaiva nzima kwa rangi moja. Kwenye kikaangio cha hewa, chenga isiyo na mafuta hubaki imepauka hata baada ya dakika kumi, kisha ncha zake hubadilika ghafla na kuungua huku mashina yake yakiwa bado meupe. Ukila, ni kavu na inakwaruza. Unga wa ngano ulio mtupu ni mbaya zaidi: unabaki unga. Hakuna moto utakaoutibu, kwa kuwa unga unahitaji unyevu au mafuta ili ugeuke kuwa ganda.

Kunyunyizia mafuta juu ya vipande vilivyokwisha kupakwa chenga husaidia, ila chupa ya kunyunyizia hugusa juu tu. Upande wa chini na kingo hupata kidogo, na ndani ya tabaka la chenga hakufiki kitu. Njia ninayoipendelea kuliko zote ni kuzipa chenga mafuta kabla hazijakutana na kuku. Kwa nusu kilo ya vipande, chukua gramu 80 za chenga za mkate na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, yaani mililita 15. Changanya kwa vidole hadi hakuna uvimbe wa mafuta uliobaki. Kisha ziweke kwenye kikaango kikavu juu ya moto wa wastani ukikoroga bila kuacha, dakika tatu au nne, mpaka ziwe na rangi ya majani makavu. Zitoe hapo, kabla hazijafika dhahabu, kwa sababu zina dakika kumi nyingine mbele yake. Zimwage kwenye sahani pana zipoe. Sasa kila chenga ina mafuta yake, na rangi imeshapata mwanzo mzuri kabla ya kuingia kwenye mashine.

Juu ya hayo unahitaji mafuta ya kunyunyizia takriban mililita 5, kwa nusu kilo yote, pande zote mbili zikijumlishwa. Jumla ni mililita 20. Ukilinganisha, chakula kilichopakwa chenga kikizamishwa kwenye mafuta kinaweza kunyonya kiasi kinachokaribia moja ya kumi ya uzito wake, au zaidi. Nusu kilo ya kuku pamoja na unga, yai na chenga zake ni kama gramu 650, hivyo ingetoka na gramu 60 hivi za mafuta ndani yake. Hapa unazo gramu 18. Hiyo ndiyo akiba ya kweli, na haina haja ya kuisukuma hadi sifuri. Mafuta kidogo chini ya hapo yanakuondolea ganda lote unalolitafuta.

Mililita 5 unazipimaje kwa chupa ya kunyunyizia? Maneno kama "nyunyiza kidogo" hayana maana, kwa sababu chupa hutofautiana sana. Weka chupa yako kwenye mizani ya jikoni na uifanye isome sifuri. Inua, bonyeza mara kumi ndani ya bakuli, irudishe. Mizani ikionyesha imepungua gramu 4, basi kila mbonyezo ni gramu 0.4. Mililita 5 za mafuta ni takriban gramu 4.5, kwa hiyo chupa hiyo itahitaji mibonyezo 11 au 12 kwa pishi zima: sita kwa upande wa kwanza, iliyobaki wakati wa kugeuza. Ukishalipima jambo hili mara moja, utaandika idadi hiyo kwenye chupa na hutabahatisha tena. Kama huna mizani, bonyeza ndani ya kijiko cha chai hadi kijae na uhesabu. Kijiko cha chai ni mililita 5.

Nyunyizia ukiwa umbali wa sentimita 15 hadi 20 ili mafuta yatue kama ukungu. Ukikaribia mno utapata madoa: hapa kahawia, pale nyeupe, na nguvu ya chupa itapeperusha chenga. Toa kikapu nje ya mashine kabla ya kunyunyizia, usielekeze mafuta kwenye koili iliyo moto. Yale makopo ya mafuta yenye gesi, ambayo mara nyingi yametiwa lesithini, kiungo cha kuzuia chakula kunata, ni vyema yasitumike kwenye kikapu chenye utando usioshika chakula. Mabaki yake huganda juu ya utando, hayaoshiki kwa urahisi, na baada ya muda chakula huanza kunata. Chupa ya kawaida ya pampu yenye mafuta ya kupikia yaliyosafishwa inatosha. Siagi haifai hapa, kwani sehemu zake za maziwa huungua mapema na kuacha weusi na uchungu.

Mafuta yakizidi nayo yana dalili zake. Chenga hulowa na kuwa nzito, ganda huteleza kutoka kwenye nyama, na mafuta hudondoka kwenye droo ya chini yakaanza kutoa moshi. Ukiona vipande vinang'aa kabla havijaingia kwenye mashine, umefika. Vikidondosha, umepita.

Pishi lenyewe, kutoka mwanzo hadi mwisho

Kata kidari vipande vya unene wa sentimita 2 vinavyolingana. Unene unaolingana ni muhimu hapa kuliko kwenye mafuta, kwa sababu muda ni mrefu na tofauti kati ya chembamba na kinene inapata nafasi ya kukua. Tia chumvi kwenye nyama yenyewe nusu saa kabla, gramu 5 hadi 6 kwa nusu kilo. Kwenye karai ulikuwa unaweza kunyunyiza chumvi mwishoni, ikashikwa na mafuta yaliyobaki juu ya ganda. Ganda la kikaangio cha hewa ni kavu zaidi, na chumvi ya mwishoni huanguka sahanini.

Futa vipande vikauke. Vipitishe kwenye unga wa ngano uliochanganywa na viungo vyako, kung'uta uliozidi, chovya kwenye yai lililopigwa, acha lidondoke, kisha bonyeza kwenye chenga ulizokwisha kuandaa. Viungo vya unga kama paprika na kitunguu saumu cha unga vikae kwenye tabaka la chini la ngano, vikilindwa na chenga. Vikikaa juu kabisa vitapigwa na hewa ya moto kwa dakika kumi na vitageuka vichungu. Acha vipande vilivyopakwa vipumzike dakika kumi juu ya wavu wa chuma. Unga unanyonya unyevu wa yai na nyama, unashikana, na feni haitalibomoa ganda.

Pasha mashine kwa nyuzijoto 200 kwa dakika tano. Panga vipande kwa tabaka moja, vikiachana kwa upana wa kidole. Kikapu cha lita 4 hakitaimeza nusu kilo kwa mkupuo mmoja. Itakuwa mikupuo miwili, na hapo hakuna njia ya mkato. Nyunyizia, ingiza, shusha moto hadi 190. Baada ya dakika sita fungua. Upande wa juu unatakiwa uwe umeanza kuwa wa dhahabu na ganda liwe gumu ukiligusa kwa koleo. Kama bado linanata au ni laini, rudisha kwa dakika moja kabla ya kugeuza, la sivyo litabaki kwenye kikapu. Geuza, tazama penye weupe, nyunyizia hapo zaidi kuliko penginepo, endelea kwa dakika nne hadi sita.

Anza kupima dakika ya kumi. Ingiza kipimajoto kwa ubavuni hadi katikati ya kipande kinene kuliko vyote. Kuku yuko salama kwa nyuzijoto 74. Rangi ya ganda haikuambii chochote kuhusu ndani, hasa kwa kuwa chenga zilikwishapata rangi kwenye kikaango. Bila kipimajoto, kata kipande kinene: nyama iwe nyeupe yote, isiwe na sehemu inayoonekana kama kioo, na majimaji yawe meupe. Njia hii inafaa, ila haina uhakika wa kipimajoto.

Mkupuo wa pili utaiva dakika moja au mbili mapema, kwa kuwa chuma chote cha mashine kimeshashika moto. Vile vya kwanza visirundikwe kwenye sahani, maana mvuke wake utalilainisha ganda la chini. Viweke juu ya wavu, na vya pili vikiiva, rudisha vyote pamoja kwa dakika moja au mbili kwenye nyuzi 200. Kwa dakika hizo chache, hata vikigusana si neno, kwa sababu maji ya juu yalikwisha kauka.

Kusoma kosa kwenye sahani

Vipande vikitoka vimepauka ingawa nyama imefika 74, usikimbilie kuongeza dakika, utaikausha nyama. Tatizo ni mafuta machache au chenga zisizokaangwa mwanzoni. Vikitoka na rangi nzuri lakini laini, kikapu kilijaa mno au nyama ilikuwa na maji. Vikiwa kahawia iliyokoza nje na nyama haijafika, moto ulikuwa juu kwa unene huo: shusha nyuzi 10 na uongeze dakika mbili au tatu. Madoa meupe ya unga hutokana na unga mwingi chini ya yai au kutopumzisha. Ganda likiwa zuri juu na limelowa chini, angalia kama umetandika karatasi kikapuni. Karatasi isiyo na matundu huzuia hewa kupanda kutoka chini, na ikiwekwa wakati wa kupasha mashine bila chakula juu yake hupeperushwa hadi kwenye koili na kuungua.

Kuna pia tofauti za mashine. Zile za umbo la tanuri, zenye rafu na mlango wa mbele, zina nafasi kubwa zaidi na mara nyingi hewa yake haina kasi ile ya mashine ya droo; ziongezee dakika mbili au tatu. Na namba ya kwenye kioo si lazima iwe kweli. Kipimajoto kidogo cha tanuri kikiachwa kikapuni kwa dakika kumi kitakuonyesha kama 190 yako ni 175, na kama ndivyo, pandisha namba hiyo katika kila pishi badala ya kurekebisha dakika kila mara.

Yasiyofuata pishi hili

Viazi vya chipsi havina chenga, na wanga wake ndio unaojenga ganda. Loweka vipande vya upana wa sentimita 1 kwa nusu saa kwenye maji baridi, vikaushe kabisa kwa kitambaa, kisha vichanganye kwa mkono na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwa nusu kilo. Chupa ya kunyunyizia haihitajiki. Wanaokaanga mara mbili, mafuta ya wastani kwanza na makali baadaye, wanaweza kufanya hivyohivyo hapa: nyuzi 160 kwa dakika 12 hadi viwe laini, halafu 200 kwa dakika nane hadi kumi, ukivitikisa mara mbili au tatu. Simama kwenye rangi ya dhahabu. Viazi vikikaangwa hadi kahawia iliyokoza hutengeneza akrilamaidi nyingi zaidi, kemikali inayoshukiwa kuchangia saratani, kwenye hewa kama kwenye mafuta.

Kilichobaki ni vyakula vya rojo, vile vinavyochovywa kwenye unga uliokorogwa kwa maji na kutumbukizwa karaini. Rojo linategemea kitu kimoja tu: mafuta kuligandisha ndani ya sekunde chache kabla halijatiririka. Hewa haina uwezo huo. Rojo litapita kwenye matundu ya kikapu, litaganda kwenye droo, na chakula kitabaki uchi. Kuongeza moto hakusaidii, wala kunyunyizia mafuta mengi. Kinachowezekana ni kubadili koti: pitisha chakula kwenye unga, kisha kwenye rojo zito kiasi cha kung'ang'ania kijiko, kisha kibonyeze kwenye chenga zilizokwisha kukaangwa na mafuta, ambazo zitalishika rojo lisitiririke. Ukikitaka kile kikoti chepesi, chenye mapovu na kinachovunjika kama barafu nyembamba, pishi hilo libaki kwenye mafuta.